Sekunde Nne za Zeynep

Mwigizaji akikasirika husema haraka. Mtazamaji anayesoma maneno yake chini ya skrini hawezi kwenda naye mbio, kwa sababu yeye anasoma kwa mwendo wake uleule wa siku zote, na wakati huohuo anataka kuona uso, mikono na mlango unaobamizwa. Mtafsiri wa filamu, yule anayeandika maandishi ya chini ambayo wengi wetu tunayaita sabtaito, anaanza kazi hapo, kwenye tofauti ya mwendo kati ya ulimi wa mmoja na jicho la mwingine. Ndiyo maana tafsiri nzuri ya kitabu inaweza kuwa tafsiri mbovu ya filamu. Msomaji wa kitabu akichelewa, ukurasa unamngoja. Mtazamaji wa filamu akichelewa, maneno yameondoka.

Kwa hiyo kabla ya kujiuliza mwigizaji amesema nini, mtafsiri huuliza amesema kwa sekunde ngapi. Kipimo kinachotumika sana siku hizi ni idadi ya herufi kwa sekunde. Hapa "herufi" ni kila kinachochukua nafasi kwenye mstari: herufi zenyewe, nafasi kati ya maneno, mkato, nukta, alama ya kuuliza. Netflix, katika miongozo yake ya lugha nyingi zinazoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini, huweka kikomo cha herufi 17 kwa sekunde kwa filamu za watu wazima na 13 kwa za watoto. Televisheni za zamani za Ulaya zilikuwa na huruma zaidi. Kawaida yao ilikuwa mistari miwili ya herufi 37 hivi kukaa sekunde sita, yaani herufi kama 12 kwa sekunde. Kwa Kiswahili, herufi 17 ni maneno mawili, pengine matatu yakiwa mafupi. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko mtu anavyodhani kabla ya kuijaribu.

Kipimo cha pili ni upana. Maandishi hayazidi mistari miwili, na mstari mmoja hauzidi herufi 42. Cha tatu ni muda wenyewe. Maandishi hata yakiwa neno moja tu, "Ndiyo" au "Toka!", hayapaswi kuonekana kwa muda unaopungua sehemu tano za sita za sekunde, maana chini ya hapo jicho linaona kitu kimemulika na kupotea. Na hata yawe marefu kiasi gani, hayapaswi kukaa zaidi ya sekunde saba.

Kikomo cha chini kila mtu anakielewa. Hicho cha juu huwashangaza wanaoanza kazi, kwani mtu angedhani mtazamaji akiongezewa muda atashukuru. Sababu yake iko kwenye tabia ya jicho. Mtafiti Géry d'Ydewalle wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, pamoja na wenzake walitumia vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho, wakaona kwamba watu husoma maandishi ya chini karibu bila kutaka, hata pale wanapoielewa lugha inayozungumzwa. Maandishi yakitokea, jicho linashuka. Yakikaa mno, jicho likishamaliza kusoma hurudi kuyasoma tena, na uso wa mwigizaji unapita bila kutazamwa. Mswahili anayetazama *Vuta N'kuvute*, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ikiwa na maandishi ya Kiingereza, anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe. Kila neno la Kiswahili analisikia na kulielewa, lakini macho bado yanachungulia chini.

Tuingie sasa kwenye tukio moja, tulifanye hatua kwa hatua. Nimelitunga mwenyewe ili nisiikate vipande filamu ya mtu, ila linafanana kabisa na yale yanayopatikana katika tamthilia za Kituruki. Zeynep ni dada mkubwa. Mdogo wake, Emre, ameuza nyumba ya marehemu baba yao. Wamesimama sebuleni katika nyumba hiyo, wao wawili tu. Zeynep ameshika funguo. Anasema maneno yake kwa pumzi moja, na anapofika kwenye neno la mwisho anazitupa funguo mezani. Kuanzia anapofungua mdomo mpaka funguo zinapogonga meza ni sekunde nne kamili.

Tukitafsiri kila alichosema bila kuacha kitu, tunapata hivi: "Emre, nilikwambia tangu mwanzo kabisa kwamba kama utaiuza nyumba hii ya baba bila kuniambia mimi, basi usije tena kunitafuta maishani mwako." Ni Kiswahili kizuri. Ni herufi 140. Sekunde nne mara 17 ni herufi 68. Zaidi ya nusu ya sentensi lazima iondoke, na Zeynep abaki mkali vilevile.

Anayeanza kazi hii huchukua maneno yaliyo marefu na kuyatafutia mafupi. Ni njia ya kawaida, lakini si hiyo inayookoa nafasi. Swali la kwanza ni lipi kati ya hayo mtazamaji anajua tayari bila kuandikiwa. Jina "Emre" analisikia kwa masikio yake, kwa kuwa jina la mtu halibadiliki kwa kubadilika lugha, na sebuleni hakuna mwingine anayeweza kuwa anaambiwa. Linatoka. "Hii", katika "nyumba hii", linatoka pia, kwa sababu wamesimama ndani yake. "Tangu mwanzo kabisa" ni mkazo, na mkazo uko kwenye sauti na shingo ya Zeynep. "Mimi" na "basi" nayo ni ya sauti. Mpaka hapo bado hatujagusa maana yoyote. Tumeondoa tu yale ambayo picha na sauti zinayasema kwa niaba yetu.

Sasa ndipo sarufi ya Kiswahili inapoingia kazini, na hapa lugha yetu ina mali ambayo watafsiri wa lugha nyingine wanaweza kuitamani. "Kama utaiuza" inakuwa "ukiuza", kwa sababu ile "ki" ndogo katikati ya kitenzi inabeba sharti lote bila kuhitaji "kama". "Kwamba" baada ya "nilikwambia" halidaiwi na mtu. "Usije tena kunitafuta maishani mwako" inakuwa "usinitafute tena", na ndani ya neno hilo moja la herufi 11 kuna katazo, kuna anayekatazwa, kuna anayetafutwa na kuna tendo. Tukijumlisha, sentensi imebaki hivi: "Nilikwambia ukiuza nyumba ya baba bila kuniambia, usinitafute tena." Herufi 67. Tumepita kwa herufi moja.

Hapo mtu hutamani kuinuka akanywe chai, lakini kazi bado, maana sentensi lazima igawanywe katika mistari miwili, na mahali pa kuigawa si popote. Programu nyingi hukata zenyewe pale mstari unapojaa, na ukiziachia zinaweza kukupa mstari unaoishia kwenye "nyumba ya" na mwingine unaoanza na "baba". Msomaji anafika mwisho wa mstari mkono mtupu. "Ya" nani? Inabidi ashuke chini ndipo aelewe alichosoma juu. Ndiyo maana viunganishi vya Kiswahili vya namna hii, "ya", "wa", "cha", "kwa", "na", husukumwa mstari wa pili pamoja na neno linalovifuata, au huvutwa juu pamoja nalo. Mahali pazuri zaidi pa kukata sentensi ya Zeynep ni baada ya mkato: juu sharti, chini hukumu. Kwa bahati mbaya "Nilikwambia ukiuza nyumba ya baba bila kuniambia," ni herufi 49, na mstari unabeba 42.

Njia mbili zinajitokeza, na zote zinavutia. Ya kwanza ni kugeuza mpangilio: juu "Nilikwambia usinitafute tena", chini "ukiuza nyumba ya baba bila kuniambia." Mistari yote miwili inaingia, na kila mmoja una maana yake kamili. Tatizo ni funguo. Mtazamaji atakuwa ameshasoma "usinitafute tena" katika sekunde ya kwanza, naye Zeynep ndiyo kwanza anaanza kusema. Funguo zitakapogonga meza, jicho litakuwa linasoma habari za nyumba. Pigo limetangulia ngumi. Katika filamu mpangilio wa maneno ni sehemu ya uigizaji, na mtafsiri asiyeulinda humwibia mwigizaji dakika yake nzuri. Vichekesho huumia zaidi kwa kosa hili: mstari unaofichua mwisho wa mzaha ukitokea mapema, ukumbi unacheka kabla mchekeshaji hajamaliza.

Njia ya pili ni kuandika "kwa siri" badala ya "bila kuniambia". Inakaribia kuingia mstari wa juu: pamoja na mkato wake ni herufi 43, moja tu zaidi ya kikomo. Mtu angeweza kuufuta mkato, mstari ukaingia. Mimi nisingefanya hivyo, na si kwa ajili ya mkato. Kuuza "kwa siri" ni kosa kwa dunia nzima. Kuuza "bila kuniambia" ni kosa kwa Zeynep, na kinachomuuma Zeynep ni hicho: yeye alisema, mdogo wake hakusema. Lile "ambia" linalojirudia, nilikwambia, hukuniambia, linafanana na mtu aliyekasirika kweli. Kwa hiyo linabaki, na tunakubali kukata baada ya "baba". Juu herufi 33, chini herufi 33. Mgawanyo huo haufuati maana kwa ukamilifu, lakini hauachi kiunganishi kikining'inia, na hukumu inabaki mwisho, inasomwa funguo zikiwa hewani.

Kuna njia ya tatu, na ndiyo ya hatari, kwa sababu inaonekana safi kuliko zote: "Nilikwambia usiuze nyumba ya baba. Usinitafute tena." Herufi 52 tu. Sentensi mbili fupi, kila moja na mstari wake, hakuna anayehangaika kusoma. Ila Zeynep hakusema hivyo. Hakumkataza kuuza, alimtaka amwambie kwanza. Ikiwa baada ya nusu saa Emre atajitetea kwamba dada hakuwahi kukataa nyumba isiuzwe, mtazamaji wa Kiswahili atamwona mwongo, kumbe mwongo ni maandishi. Kupunguza kubaya mara nyingi kunakuwa hivi. Sentensi inasomeka vizuri, hakuna kosa la sarufi, na kasoro inaonekana tu mbele ya safari, katika tukio jingine kabisa. Ndiyo maana mtafsiri makini huitazama filamu nzima kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Anatafuta maneno ambayo hadithi itayarudia.

Emre anajibu. Sasa tunaona uso wake na viganja vyake viwili vilivyo wazi. Tafsiri kamili: "Dada, nilifanya hivyo kwa sababu benki ilitaka kuchukua kila kitu tulicho nacho, sikuwa na njia nyingine." Herufi 105, na ana sekunde tatu tu, yaani herufi 51. "Nilifanya hivyo kwa sababu" inaondoka mara moja, kwani mtu akishalaumiwa kila anachosema kinasikika kama sababu. "Sikuwa na njia nyingine" iko kwenye viganja. Kinachobaki ni benki, na hapo Kiswahili kinatupa kitenzi kimoja chenye kila kitu: "ingetunyang'anya". Ni herufi 16 pamoja na king'ong'o chake, na ndani yake kuna benki, kuna sisi, kuna tendo na kuna jambo ambalo lingetokea lakini halikutokea. Katika faili ya maandishi, ile ambayo kompyuta na simu huisoma, mazungumzo yao yanakaa hivi:

```
214
00:31:07,200 --> 00:31:11,200
Nilikwambia ukiuza nyumba ya baba
bila kuniambia, usinitafute tena.

215
00:31:11,320 --> 00:31:14,320
Dada, benki ingetunyang'anya kila kitu.
```

Namba ya juu ni ya mpangilio. Mstari wa chini yake unasema maandishi yaingie lini na yatoke lini: saa, dakika, sekunde na sehemu za elfu za sekunde. Angalieni kwamba namba 214 inatoka kwenye 11,200 na namba 215 inaingia kwenye 11,320. Pengo hilo dogo ni fremu tatu katika video ya fremu 25 kwa sekunde. Lisipokuwepo, maandishi hubadilika bila jicho kugundua, na msomaji huendelea kuyaona ya kale hadi anapostuka. Fremu mbili ndiyo kiasi cha chini kinachokubalika.

Urefu wa kitenzi chetu una gharama yake pia. Neno kama "ingetunyang'anya" haligawanyiki mwisho wa mstari, maana katika maandishi ya filamu hakuna kukata neno kwa kistari. Ama linaingia zima, ama linashuka chini zima. Na maneno matatu ya namna hiyo yakifuatana, jicho hulemewa hata kama hesabu ya herufi imekubali, kwa sababu kila moja linadai kufunguliwa lililomo ndani yake. Programu haitakuambia hilo, yenyewe inahesabu tu. Dawa ni kulisoma kwa sauti ya kawaida pamoja na picha. Ukijikuta umeharakisha, mstari umejaa, hata kama kompyuta imeridhika. Kwa filamu itakayotazamwa na watu wote, bibi na wajukuu, mimi napendelea kukaa kwenye herufi 15 kwa sekunde. Na kwa kuwa watazamaji wetu wengi wanatazama kwenye simu, sipendi mstari upite sana herufi 36, kwani 42 kwenye kioo cha simu ni mchwa.

Turudi kwa Emre. Tulifuta jina lake kwenye mstari wa dada yake, lakini "Dada" kwenye mstari wake tumeliacha. Sababu ni hii. Katika Kituruki mdogo hamwiti dada yake mkubwa kwa jina tupu, humwita "abla". Mtafsiri wa Dar es Salaam au Mombasa kwa kawaida hapewi Kituruki. Hupewa faili ya Kiingereza ambayo nyakati zote zimeshapangwa, naye anajaza Kiswahili mahali pa Kiingereza. Kiingereza hakina cha kufanya na "abla", kwa hiyo huandika "Zeynep", au hakiandiki kitu. Mtafsiri anayefuata faili tu atamfanya kijana amwite dada yake mkubwa jina lake kavukavu huku akimwomba msamaha, na mtazamaji wa Kiswahili ataona utovu wa adabu ambao kwenye filamu haupo. Anayesikiliza sauti atalisikia "abla", na Kiswahili kina mahali pake tayari. Ni hivyohivyo kwa tamthilia za Kikorea: "hyung", ambalo mwanamume humwita kaka yake mkubwa, ni "kaka", na Kiingereza kilichokaa katikati ndicho kilicholipoteza. Herufi nne za "dada" ninazilipa kwa furaha, hata kama itabidi nifute kitu kingine.

Faili hizo za Kiingereza zina shida nyingine. Zimepimwa kwa pumzi ya Kiingereza. Pale ambapo Kiingereza kimepasua sentensi ndefu katika vipande viwili, kitenzi kikiwa mwishoni mwa kipande cha kwanza na mtendwa mwanzoni mwa cha pili, Kiswahili kinataka viwe pamoja, kwa sababu mtendwa wetu ameshaingia ndani ya kitenzi. Mtafsiri anayeruhusiwa kuunganisha vipande viwili kuwa kimoja, au kusogeza muda kwa fremu chache, hutoa kazi bora kwa mbali. Wateja wengi hawaruhusu, kwa kuwa faili moja inahudumia lugha nyingi kwa wakati mmoja na wanataka namba 214 iwe 214 katika kila lugha. Anayepewa kazi ya aina hiyo aulize mapema kama nyakati zimefungwa. Jibu linaamua atumie ujuzi gani.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mtazamaji hasikii kitu. Filamu ya Kiingereza inabadilisha hesabu hiyo, kwa sababu Afrika Mashariki watu wengi wanakifahamu Kiingereza kwa kiasi fulani, na mtazamaji anayesikia nusu ni mkaguzi mkali kuliko asiyesikia kabisa. Akisikia majina mawili na kusoma moja, anasema mtafsiri amekula maneno. Akisikia neno la kuomba radhi analolijua na asilione chini, imani inapungua, hata kama kulifuta kulikuwa sahihi. Kwa filamu za namna hii mtafsiri huacha yale yanayosikika wazi, majina ya watu, majina ya miji, idadi, na huyaweka kwa mpangilio uleule yanavyotamkwa kila inapowezekana, kisha hupunguza kwingine. Idadi huandikwa kwa tarakimu: "1998" ni herufi nne, ilhali "elfu moja mia tisa tisini na nane" ni 33, karibu sekunde mbili nzima za kusoma. Saa nazo zina mtego wake. Mwigizaji akitazama saa ya ukutani iliyoandikwa 20:00 na kusema muda, sisi tunaandika "saa mbili usiku", na mtazamaji wetu hapati taabu, maana ndivyo anavyoisoma saa yake mwenyewe. Lakini namba ikiwa ni ya bomu linalohesabu au ya tiketi ya treni inayoonyeshwa kwa karibu, tarakimu za kwenye picha na za kwenye maandishi lazima zipatane, la sivyo mtazamaji anaanza kukokotoa katikati ya kishindo.

Watu wetu wana desturi nyingine ya kale ya kuletewa filamu za kigeni, na ni ya sauti. Kwenye vibanda umiza vya Tanzania Lufufu alisimulia juu ya filamu, DJ Afro akafanya hivyo Kenya, VJ Jingo Uganda kwa Kiganda. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na wakwe zake, waigizaji wakitiwa sauti za Kiswahili. Msimulizi wa kibandani ana uhuru ambao mtafsiri wa maandishi hana: anaweza kuongea juu ya kimya, akarudi nyuma, akafafanua ukoo wa jambazi. Maandishi hayana kimya cha kukopa. Zeynep akimaliza na kumtazama mdogo wake kwa sekunde tano bila neno, skrini inatakiwa ibaki tupu sekunde hizo tano, na mtafsiri anayeona nafasi hiyo na kuirefusha namba 214 mpaka ndani yake ili arudishe maneno aliyoyafuta anaharibu ukimya ambao mwongozaji ameutaka. Kuongeza nusu sekunde baada ya sauti kukoma ni sawa, na mara nyingi ndiyo inayookoa mstari. Zaidi ya hapo, maneno yanabaki yamesimama kwenye uso wa mtu aliyekwisha kunyamaza.

Mipaka ya picha nayo ina neno lake. Filamu ni vipande vilivyounganishwa, na pale kipande kimoja kinapokatwa na kingine kuanza, jicho hutarajia kitu kipya. Maandishi yanayovuka mkato huo kwa fremu mbili tatu tu kisha kutoweka huonekana kama hitilafu ya mitambo. Kwa hiyo yakikaribia mkato hukatizwa hapohapo, na kama mazungumzo yenyewe yanavuka, maandishi huachwa yavuke kwa muda wa kutosha mtu ayaone. Programu ya bure ya Subtitle Edit, ambayo watafsiri wengi wanaitumia, inaweza kuonyesha mikato hiyo kwenye mchoro wa sauti, na inageuza mstari kuwa na rangi pale herufi zinapozidi kikomo ulichokiweka. Ni msaada mkubwa, ingawa haijui kwamba Zeynep ameshika funguo.

Kosa ambalo mtazamaji wa kawaida hukutana nalo zaidi halimhusu hata mtafsiri. Umepakua filamu, umepakua na maandishi yake, na vitu viwili haviendi pamoja. Angalia dakika ya pili, kisha angalia dakika ya sitini. Kama maandishi yanachelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile pande zote mbili, tuseme sekunde tatu mwanzo na sekunde tatu mwisho, kuna kipande kimeongezwa au kupunguzwa mwanzoni, labda nembo ya kampuni, na ukisogeza maandishi yote kwa sekunde tatu umemaliza. Lakini kama mwanzoni yanapatana na baadaye yanazidi kuachana, ni mwendo wa fremu. Filamu yako inakwenda fremu 23.976 kwa sekunde, ila maandishi yalipimwa kwenye nakala ya fremu 25, inayokimbia kwa asilimia nne hivi zaidi. Kufika saa moja ya filamu, maandishi yatakuwa yametangulia kwa karibu dakika mbili na nusu, na Emre atakuwa anajitetea kabla Zeynep hajaingia ndani. Kusogeza hakutibu, kwani ukipatanisha hapa utaharibu kule. Programu hiyohiyo ina sehemu ya kubadili mwendo wa fremu: unaiambia kutoka 25 kwenda 23.976, nayo inazinyoosha nyakati zote kwa uwiano.

Kazi ikiisha, mtafsiri huitazama filamu yote tangu mwanzo bila kuisimamisha, afadhali akiwa na mtu asiyejua lugha ya filamu na asiyeijua hadithi. Asimtazame skrini, amtazame mtu huyo. Midomo ikianza kucheza, mstari ni mrefu. Akigeuka kuuliza "nani kasema?", maandishi yameingia mapema na uso wa msemaji haujaonekana, au watu wawili wamewekwa kwenye maandishi mamoja bila vistari vya kuwatenganisha. Akisoma na kuinua macho kwa wakati kuona funguo zikianguka, namba 214 iachwe kama ilivyo.